Kalenda Inayopangwa Kutoka Mwisho

Mwezi wa Disemba, skuli zikiwa zimefungwa na Mji Mkongwe umejaa wageni, mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari ya Unguja hukaa na karatasi kubwa ya miezi sita. Kitu cha kwanza anachoandika, mara nyingi, ni siku ya kufungua. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Siku ya kufungua haimpi taabu, kwa sababu Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali imeshaitaja. Itakayomhangaisha ni ile siku ya mwisho ambayo mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Pili anaweza kuleta alama zake na ripoti zikawahi kutoka. Siku hiyo hakuna anayemtajia. Lazima aitafute mwenyewe, na kila kitu kingine kitainamia hapo.

Kabla ya kuitafuta, mwalimu mkuu anao mabwana kadhaa wa kuwatii, na hawakai meza moja. Elimu ya msingi na sekondari Zanzibar inasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi, lakini Baraza la Mitihani la Tanzania limo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi wa Novemba na ule wa Kidato cha Sita wa mwezi wa Mei hupangwa Bara, wakati mitihani ya darasa la nne, darasa la saba na Kidato cha Pili iko mikononi mwa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Skuli yenye vidato vyote sita hupokea ratiba kutoka pande mbili, na zikigongana ukumbini au kwenye idadi ya wasimamizi, wa kuzipatanisha ni mwalimu mkuu.

Tena ndani ya skuli hiyo hiyo mna miaka miwili inayokwenda sambamba. Kidato cha Kwanza hadi cha Nne wanahesabu Januari hadi Disemba. Wa Tano na wa Sita wanaanza katikati ya mwaka na kumaliza Mei ya mwaka wa pili wao. Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka skuli zikiwa tayari zimefunguliwa: ya mtihani wa 2023 yalitangazwa tarehe 25 Januari 2024, na ya mtihani wa 2024 tarehe 23 Januari 2025. Wiki hiyo ofisi ya mwalimu mkuu haifanyi kazi nyingine. Wazazi wanapanga foleni, wanafunzi wa zamani wanataka kujua alama zao, na kikao chochote kilichopangwa siku hizo kitaahirishwa. Mwenye busara haandiki kitu kwenye wiki ya mwisho ya Januari.

Juu ya yote hayo uko mwezi wa angani.

Mwaka wa Kiislamu una siku zipatazo 354, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi na kumaliza mzunguko kwa miaka kama 33. Visiwani Ramadhani hubadilisha kila saa ya siku ya skuli. Mwanafunzi ameamka kula daku, hajaweka kitu mdomoni tangu kabla ya alfajiri, na jua la Unguja halizami mpaka saa kumi na mbili na nusu hivi. Vipindi hufupishwa. Mwalimu wa kike anayerudi nyumbani alasiri anakwenda jikoni kuandaa futari. Rundo la karatasi alilobeba litangojea mpaka baada ya tarawehe, akibakiwa na nguvu.

Wazee wa kusini mwa Unguja walikuwa na kalenda nyingine ya kujipangia kazi zao. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaoangukia mwezi wa Julai, ni mabaki ya mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa mafungu ya kumi kumi. Wakulima na mabaharia waliuhitaji kwa sababu mwaka wa mwezi hausemi lini mvua itanyesha wala lini upepo utageuka. Mwalimu mkuu wa leo yumo katika shida yao ileile: shughuli zake zinafuata jua, na sikukuu zake zinafuata mwezi.

Chukua muhula wa kwanza wa 2027. Skuli ya mfano huu ni ya kubuni, lakini tarehe zake ni za kweli. Tuseme skuli inafunguliwa Jumatatu ya tarehe 11 Januari na kufungwa Ijumaa ya tarehe 4 Juni. Hizo ni wiki 21, siku 105 za Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa macho ya mzazi ni muhula mrefu ajabu.

Sasa aanze kutoa. Tarehe 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi, na mwaka huo ni Jumanne, kesho yake tu baada ya kufungua. Ijumaa Kuu ni tarehe 26 Machi na Jumatatu ya Pasaka tarehe 29. Siku ya Karume, tarehe 7 Aprili, ni Jumatano. Siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili, ni Jumatatu. Mei Mosi, kwa bahati, ni Jumamosi. Ramadhani inatazamiwa kuandama kwenye tarehe 8 Februari na Idi el-Fitri kuangukia karibu na Jumatano ya tarehe 10 Machi. Serikali inatoa siku zake za mapumziko, lakini Unguja Idi ni mosi, pili, tatu na nne, na mtoto ambaye amekwisha kushoneshewa nguo kwa ajili ya viwanja vya Mnazi Mmoja haji skuli Idi pili wala Idi tatu. Afute wiki yote kuanzia hiyo Jumatano. Idi el-Hajj nayo itakuja karibu na tarehe 16 au 17 Mei, na tarehe 17 ni Jumatatu.

Jumla ni siku tisa, kwa hiyo zinabaki 96. Hajatoa bado siku kumi za mtihani wa mwisho wa muhula, wala siku tano za mtihani wa nusu muhula, wala zile siku tano za mwisho ambazo hakuna anayefundisha kwa sababu walimu wanajumlisha alama. Akishazitoa, anabaki na siku 76 za kufundisha. Na katika hizo, 22 zimo ndani ya Ramadhani. Kama kipindi cha dakika 40 kimefupishwa kuwa dakika 30, siku hizo 22 zina thamani ya siku 16 na nusu. Zaidi ya wiki nzima ya masomo imepotea bila kuonekana popote, kwa maana kwenye daftari la mahudhurio watoto walikuwapo.

Walimu wakuu wengi wanaijua hesabu hii, na hutoa siku za mapumziko kwa uangalifu kama mwenye duka anayehesabu chenji. Wasiyoifanya kwa uangalifu huo ni hesabu ya kusahihisha. Mtihani una ratiba iliyobandikwa ukutani, wasimamizi na kengele. Kusahihisha hakuna ratiba. Huandikwa mstari mmoja tu chini ya karatasi, kwamba mwisho wa kuwasilisha alama ni siku fulani, kana kwamba masomo yote yana uzito mmoja.

Mfano ni mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, wanafunzi 55 kila mkondo, na mikondo miwili ya Kidato cha Tatu, wanafunzi 50 kila mmoja. Huyu ana karatasi 265. Karatasi yenye insha, ufahamu na maswali ya fasihi, ikisomwa kweli, haitoki chini ya dakika 12. Zidisha: dakika 3,180, yaani saa 53. Mwalimu wa Hisabati mwenye idadi hiyohiyo ya wanafunzi, akiwa na mwongozo mzuri wa kusahihishia, hutumia kama dakika saba kwa karatasi, akamaliza kwa saa 31. Dakika hizo si za kukisia. Mwalimu asahihishe karatasi kumi za mwanzo saa ikiwa mezani, agawe kwa kumi, apeleke jawabu kwa mwalimu wa taaluma. Kazi hiyo haichukui zaidi ya saa mbili, na inampa mwalimu mkuu tarakimu aliyoikosa tangu Disemba.

Mtu anayefundisha asubuhi au kusimamia mtihani hapati zaidi ya saa nne za kusahihisha kwa siku, hata akifanya na Jumamosi. Kwa mwendo huo Kiswahili kinahitaji siku 14, na Hisabati siku nane. Tofauti ni siku sita. Lakini ratiba nyingi humweka kila mtu kwenye tarehe moja ya mwisho, na mara nyingi Kiswahili huwekwa Alhamisi ya wiki ya pili kwa sababu eti ni somo jepesi, watoto wasichoke mwanzo. Somo jepesi kwa anayeandika ndilo zito kwa anayesoma.

Basi mwalimu mkuu aanzie tarehe 4 Juni na kurudi nyuma. Ijumaa hiyo wanafunzi wanachukua ripoti. Alhamisi ya tarehe 3 ni kikao cha wazazi. Jumanne na Jumatano ripoti zinachapishwa, zinasainiwa na kupigwa muhuri, na kama umeme ukikatika siku moja ipo ya pili. Jumatatu ya tarehe 31 Mei mwalimu wa darasa anajumlisha na kuandika maoni, kwa hiyo alama ya mwisho kabisa lazima iwe imemfikia Ijumaa ya tarehe 28 Mei. Kutoka hapo ahesabu siku 14 za kazi kurudi nyuma, Jumamosi zikiwemo, aruke Jumapili na aruke Jumatatu ya Idi. Anafika Jumatano ya tarehe 12 Mei. Kwa hivyo karatasi ya Kiswahili lazima iwe imefanywa kabla ya Jumanne ya tarehe 11 kwisha. Hisabati, kwa siku zake nane, inaweza kungoja hadi Jumatano ya tarehe 19. Mtihani wote, kwa siku zake kumi, unakaa kati ya tarehe 6 na 20 Mei.

Na hapo ndipo mambo mawili yanapogongana, kwa sababu mwezi wa Mei ndio wa Kidato cha Sita. Ukumbi umechukuliwa na madawati ya mtahiniwa mmoja mmoja, walimu kadhaa wamepelekwa kusimamia skuli nyingine, na kelele ya mapumziko haitakiwi karibu na madirisha. Kuna skuli zinazosogeza mtihani wao wa ndani mpaka Kidato cha Sita wamalize. Inaonekana ni adabu, lakini hesabu hapo juu inaonyesha bei yake: mtihani ukianza tarehe 24 Mei, mwalimu wa Kiswahili anabaki na siku nne au tano za kazi ya siku 14. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa uaminifu. Atasahihisha kwa kupapasa.

Kusahihisha kwa kupapasa kunaonekana, kwa anayejua pa kutazama. Ukurasa wa kwanza wa karatasi una alama nyekundu kila mstari, ukurasa wa nne una mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini. Insha 30 zimepewa 11, 12 au 13 kati ya 20, hakuna iliyopata 5 wala 17. Mkondo uliosahihishwa mwanzo una wastani wa chini, uliosahihishwa mwisho una wastani wa juu, ingawa mwalimu ni yuleyule na mtihani ni uleule. Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuchukua karatasi moja katika kila kumi na kumpa mwalimu mwingine ajumlishe upya alama zilizokwishaandikwa, bila hata kusoma majibu. Makosa ya kujumlisha yakizidi matatu au manne katika rundo la karatasi 26, mwalimu wa kwanza alikuwa anakimbia.

Njia ya kutoka kwenye msongamano wa Mei si moja, na kila moja ina gharama. Ya kwanza ni kuwaweka wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu wafanye mtihani wao madarasani, katika nyakati ambazo Kidato cha Sita hawana karatasi au wana karatasi ya watu wachache. Ratiba ya Baraza hufika mapema, na nafasi hizo zinaweza kuhesabiwa. Ugumu unakuja kwenye skuli zenye mikondo miwili ya siku, asubuhi na jioni, ambazo Mkoa wa Mjini Magharibi umekuwa nazo nyingi kwa uhaba wa madarasa. Karatasi ya saa tatu ya asubuhi ikichelewa dakika 30 kuanza, watoto wa jioni wanasimama nje kwenye jua, na wengine wametoka kwenye chuo cha Kurani mbio mbio wasichelewe. Katika skuli kama hiyo karatasi ndefu ni moja tu kwa mkondo kwa siku, na siku kumi za mtihani huwa ni kumi kweli. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimepunguza taabu hii palipokuwa na bahati ya kuzipata.

Njia ya pili haigusi tarehe. Inagusa rundo. Walimu watatu wa Kiswahili wakikaa pamoja na kugawana karatasi kwa maswali badala ya madarasa, mmoja akisoma insha zote, mwingine ufahamu, wa tatu fasihi, jumla ya saa haipungui sana lakini mzigo unasawazika kati ya mwenye mikondo mitano na mwenye miwili, na insha zote zinapimwa na jicho moja. Mitihani ya taifa husahihishwa kwa mtindo huo, na walimu waliowahi kuitwa kwenye vituo vya kusahihishia wanaujua. Unahitaji chumba kinachofungwa kwa ufunguo na mtu wa kuhesabu mafurushi yakitoka na kuingia, kwa sababu karatasi iliyopotea kati ya mikono mitatu haina mwenyewe.

Ya tatu haipendwi na kila mtu: kukubali kwamba muhula wa kwanza, wenye Ramadhani katikati yake, hauhitaji mtihani wa nusu muhula. Mwaka 2027 skuli ina wiki nne tu kati ya kufungua na kuandama kwa mwezi. Mtihani ukiwekwa mwisho wa wiki hizo, unapima mada mbili au tatu, na rundo lake linasahihishwa ndani ya mfungo. Ukiwekwa baada ya Idi, unawakuta watoto wametoka kwenye sikukuu ya siku nne. Majaribio mafupi ya dakika 20, yanayosahihishwa darasani wanafunzi wakibadilishana madaftari, yangetoa habari ileile kwa mwalimu, na zile siku tano zingerudi kwenye kufundisha. Wazazi wa Mjini wanaolipa tuisheni wangelalamika kwamba hawaoni alama. Walalamike. Siku tano ni karibu theluthi moja ya zile 16 na nusu zinazosalia za Ramadhani.

Liko jambo la Idi el-Hajj. Ofisi ya Mufti hutangaza, lakini wapo wanaofuata siku ya Arafa ya Makka na wapo wanaofuata mwezi wa hapa, na mwaka mwingine mtaa mmoja unaswali Idi leo na mwingine kesho. Kwa hiyo karatasi yenye wanafunzi wote haifai kuwekwa Jumatatu ya tarehe 17 Mei wala Jumanne ya tarehe 18. Jumanne hiyo iachwe tupu, au iwekwe somo la hiari lenye wanafunzi wachache ambao wanaweza kuulizwa mmoja mmoja. Siku tupu katikati ya mtihani huwaudhi watu wa ofisini wanaopenda ratiba iliyojaa. Lakini kuahirisha karatasi ambayo bahasha yake imekwisha kufunguliwa kwenye mkondo mmoja ni balaa kubwa zaidi, maana mkondo mwingine utaifanya ikiwa imeshajulikana mtaani.

Muhula wa pili una sura yake. Mei ya muhula wa kwanza huchukua ukumbi, lakini Novemba na Disemba huchukua watu. Kidato cha Nne wakimaliza, walimu wanaitwa kusahihisha mitihani ya taifa, na wanaoitwa si wale wavivu. Mkuu wa idara ya Hisabati anaondoka na rundo lake la mtihani wa mwaka likiwa halijafunguliwa. Kwa hiyo mtihani wa mwaka wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu unapaswa kuwa umekwisha, na alama zake kuwasilishwa, kabla wito haujafika, hata kama maana yake ni kufunga kufundisha mwisho wa Oktoba. Septemba nayo si tupu. Tarehe 23 Septemba 1964 ndipo elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo Zanzibar, na maadhimisho yake huwatoa wanafunzi madarasani kwa michezo na maonyesho, pamoja na siku za mazoezi zinazotangulia ambazo hazimo kwenye barua ya mwaliko.

Miaka michache ijayo itaongeza uzito. Ramadhani inarudi nyuma kuelekea mwanzo wa mwaka, na 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza siku za mwanzo za Januari na nyingine mwisho wa Disemba. Kwa muda mfupi hiyo ni nafuu, kwa sababu mfungo utakula likizo badala ya masomo. Kisha, mwaka 2033 mfungo utaanza karibu na tarehe 23 Novemba, na mwaka 2034 karibu na tarehe 12 ya mwezi huohuo. Mtihani wa Kidato cha Nne, ukibaki Novemba, utaandikwa na watahiniwa waliofunga, na karatasi ya mchana ya saa nane itawakuta kwenye saa ngumu kuliko zote. Mwalimu mkuu hawezi kulihamisha Baraza. Anachoweza ni kupanga mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne wa 2033 uwe na karatasi za mchana, na kuwataka wanafunzi wanaofunga Sunna za Jumatatu na Alhamisi waandike siku hizo bila kubadilishiwa saa, ili yeye na wao wajue mapema mkono unaanza kulegea kwenye swali la ngapi.